Mtaani naitwa Mama Neema, lakini Neema si mwanangu na mama yake yupo hai. Nifanyeje?

Fundi_Cherehani (mleta uzi)

Wakuu, naomba ushauri, hasa kwa akina mama mlioolewa na mwanamume mwenye mtoto tayari.

Nina miaka mitatu kwenye ndoa. Tunaishi nyumba ya kupanga huku Mbagala, wapangaji sita, bomba moja uani. Mume wangu alinioa akiwa na binti, nimwite Neema, ambaye sasa ana miaka tisa. Anaishi na mama yake Tandika, likizo anakuja kwetu. Kabla sijafika, mtaa mzima ulikuwa unamwita mume wangu Baba Neema. Kwa hiyo asubuhi yangu ya kwanza, nilipotoka na ndoo, mama mwenye nyumba akaniita, "Mama Neema, karibu mwanangu." Nikaitika. Sikuona ubaya, nilijiona nimepokelewa.

Mwaka huu nimejaliwa mtoto wa kiume, Baraka, ana miezi mitano. Nilidhani jina litabadilika lenyewe, halikubadilika. Halafu mwezi uliopita mama yake Neema alimleta mtoto mwenyewe. Tumekaa uani, mama mwenye nyumba akaita kutoka ndani, "Mama Neema! Njoo uchukue kisu chako." Tuligeuka wote wawili. Mwenzangu akainamisha uso, akanywa maji yake, akaaga. Usiku ule Neema akaniuliza, "Mama mdogo, kwani Mama Neema ni wewe au mama?"

Nilikosa la kumjibu. Mume wangu anasema watu wameshazoea, niache. Nitalivuaje jina hili bila mtaa kusema namkana mtoto wa mwenzangu?

Kijana_wa_Temeke

Dada, hili jepesi. Jina linafuata mtoto wako wa kwanza kumzaa. Wako wa kwanza ni Baraka, basi wewe ni Mama Baraka na mumeo ni Baba Baraka. Waambie leo, kesho yameisha.

Mzee_wa_Pangani

Kijana, nusu ya kwanza umesema kweli, ya pili umekosea, na akikufuata hapo atazua jambo jingine.

Mwanamke anaitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza, na mwanamume vilevile kwa wake wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza wa huyu bwana ni Neema. Siku watu wakianza kumwita Baba Baraka, yule binti ataelewa kwamba ameondolewa kwenye jina la baba yake. Mwacheni awe Baba Neema mpaka azeeke. Mke kuwa Mama Baraka na mume kuwa Baba Neema si kasoro. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya wake wawili. Baba alikuwa na jina moja, la kaka yetu mkubwa wa nyumba kubwa. Mama yangu aliitwa kwa jina langu, na mama mkubwa kwa jina la mwanawe. Majina yale ndiyo yaliyomwonyesha mgeni mlango wa kila mmoja bila mtu kusema "mke wa kwanza" na "mke wa pili".

Kilichokukuta wewe, mwanangu, ni kwamba hukupewa jina la mtoto, ulipewa jina la mume. Mtaa ulimjua Baba Neema, ukaona mwanamke ametoka mlangoni kwake, ukakamilisha jozi. Ukiwaeleza hivyo, hakuna atakayesema unamkana mtoto.

Mama_Wawili_Morogoro

Naomba niseme la kwangu, japo si sawasawa na lako. Mtoto wangu wa kwanza, Rehema, alifariki akiwa na mwaka mmoja na nusu. Nilipozaa wa pili, majirani walianza kuniita kwa jina la huyo wa pili. Najua walinionea huruma, hawakutaka kunikumbusha. Lakini mimi kila nikiitwa jina jipya nilikuwa nasikia kama Rehema hakuwahi kuzaliwa. Mama yangu peke yake ndiye aliyeendelea kuniita Mama Rehema, na kwake nilikuwa naenda ili niitwe tu.

Kwa hiyo dada, mfikirie na yule mwenzako alipoinamisha uso. Kwake jina lile si la mtaani.

Fundi_Cherehani

Pole sana dada yangu. Nimelia. Je, uliwahi kuwaambia majirani?

Mama_Wawili_Morogoro

Wawili tu. Mmoja alibadilika. Mwingine alisema ni mkosi kumwita aliye hai kwa jina la marehemu. Nilimwacha.

Mtumishi_Dodoma

Kubadili jina kuna utaratibu wake wa kisheria. Unaanzia kwa wakili, unaandaa hati, ndipo unarekebisha kitambulisho, benki na kadi ya kliniki ya mtoto. Usifanye kienyeji, utasumbuka mbele ya safari.

Fundi_Cherehani

Kaka, asante, ila sibadili jina la kwenye vyeti. Kliniki na kwenye simu naandikwa jina langu la kuzaliwa, Zuhura. Naongelea la uani.

Katibu_wa_Kikoba

Hata hivyo Mtumishi amegusa kitu. Kikoba chetu kilikuwa na akina Mama Asha wawili, tukiwaandika "Mama Asha wa dukani" na "Mama Asha wa juu". Mama Asha wa juu akahama, akapanga karibu na duka. Marejesho ya mmoja yakaingizwa kwa mwingine miezi miwili mfululizo, na aliyelipa akaitwa mdaiwa mbele ya kikao. Alitoka analia. Tangu siku hiyo daftari linaandikwa jina linalotokea mtu akitumiwa pesa kwa simu. Ila mdomoni tunaitana Mama Asha kama zamani, kwa sababu kumwita mtu mzima jina lake tupu mbele ya watu mdomo unakataa.

Nyar_Ugenya

Habari kutoka Kisumu. Kwetu Wajaluo ningeitwa min Otieno, yaani mama yake Otieno. Lakini mwanamke aliyeolewa ana jina jingine ambalo halingoji mtoto: anaitwa nyar wa alikotoka, binti wa mahali fulani. Mimi ni nyar Ugenya tangu siku nilipofika kwa mume wangu, na nitakuwa nyar Ugenya hata wanangu wakiwa na wajukuu. Mwenzangu aliyekaa miaka minane bila mtoto hakuwahi kukosa la kuitwa. Kwenu huko bibi harusi anaitwaje kabla hajazaa? Nauliza kwa sababu naona mtaa ulikupa Neema haraka ili usikae bila jina.

Mzee_wa_Pangani

Umeuliza swali kubwa. Ataitwa bi harusi kwa muda, ataitwa dada, shemeji, mke wa fulani. Mumewe atasema "wewe" au "mwenzangu". Mama yangu hakulitamka jina la baba maisha yake yote. Kabla sijazaliwa, mimi wa kwanza wake, alikuwa akitaka kumwita anakohoa mlangoni. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, si mama tu anayepata jina. Hata mume na mke wanapata namna ya kuitana. Na wakwe wanapata pumzi, maana mkwe naye hapendi kutamka jina la mke wa mwanawe.

Ustadh_Ali

Kwenye dini yetu kuitwa kwa mtoto usiyemzaa si aibu. Bibi Aisha hakuzaa, na aliitwa Ummu Abdillahi kwa jina la Abdallah bin Zubeir, mtoto wa dada yake Asmaa. Mtume ndiye aliyemruhusu. Kwa hiyo dada Zuhura ukiendelea kuwa Mama Neema hujakosea kitu.

Mama_Wawili_Morogoro

Ustadh, hilo sikatai. Lakini Asmaa alikuwa dada yake wa damu. Huyu mama wa Tandika ni mtu aliyeachana na mume, anaingia uani kwa mwenzake na kukuta hata jina lake limebaki pale na mtu mwingine. Nadhani hapo pana tofauti.

Ustadh_Ali

Tofauti ipo. Ila mimi ningeogopa zaidi moyo wa mtoto akisikia mama yake mdogo amelikataa jina lake. Kwa hapo sijashawishika.

Mwalimu_wa_Awali

Kuna njia ya tatu hamjaitaja. "Mama" ikifuatwa na jina haimaanishi daima mama wa huyo mtu. Mama Maria Nyerere, Maria ni yeye mwenyewe. Mama Ngina Kenyatta, Ngina ni yeye mwenyewe. Kwenye hafla, kanisani na ofisini ndivyo tunavyomheshimu mwanamke mtu mzima, kwa jina lake. Uani ndiko jina la mtoto linakotawala. Kwa hiyo anaweza kuitwa Mama Zuhura, na Baraka na Neema wote wakabaki salama.

Mimi shuleni naitwa Mwalimu na nalipenda, kwa sababu nimelisomea. Nikifika nyumbani nataka kuitwa Mama Kulwa. Wanangu ni mapacha, Kulwa na Doto, na mtaa ulichagua aliyetangulia.

Mzee_wa_Pangani

Mwalimu amesema vizuri, ila huko Mbagala, uani, wakisikia Mama Zuhura watauliza Zuhura ni mwanao wa ngapi.

Mwanangu, sikiliza jinsi linavyobadilishwa. Usitangaze. Jina la mtaani linashika kwa midomo mitatu: mumeo, mama mwenye nyumba na watoto wa uani. Mumeo akuite Mama Baraka kwa sauti, mlangoni, watu wakisikia, kila siku. Yeye akiendelea na Mama Neema, au akikaa kimya, hakuna atakayekufuata. Mama mwenye nyumba mfuate mwenyewe, peke yenu, umwambie, "Mama, Neema ana mama yake na juzi alisikia vibaya. Nisaidie." Ukimwomba msaada, atakusahihishia wapangaji wote. Watoto wakikuita Mama Neema usiwakaripie. Itika, kisha sema, "Mama Neema yuko Tandika, mimi Mama Baraka."

Wazee wachache hawatabadilika. Waitikie.

Nyar_Ugenya

Na kabla ya hao watatu, Neema asikie kwanza, tena kutoka kwako.

Fundi_Cherehani

Narudi baada ya wiki mbili na nusu.

Nilianza na Neema kwa simu. Nilimwambia Mama Neema ni mama yake, na mimi nataka niitwe kwa jina la mdogo wake. Akanyamaza, kisha akauliza kama baba naye atabadilika. Nikasema hapana, baba ni Baba Neema. Akasema sawa.

Mama mwenye nyumba alishika kifua, akasema hakujua kama mwenzangu aliumia. Sasa akikosea anajisahihisha kwa sauti na uani wote unasikia. Watoto wamebadilika ndani ya siku nne. Kwa muuza genge mimi bado ni Mama Neema, namwitikia.

Mume wangu ndiye mgumu. Mbele za watu ananiita "wewe", Mama Baraka halimtoki. Juzi aliniambia likimtoka anahisi kama anafunga mlango wa kwanza. Sikumlazimisha.

Mama yake Neema sijazungumza naye. Likizo ijayo ikiisha nitampeleka mtoto mwenyewe Tandika, na nikifika mlangoni nitabisha hodi kwa jina lake.