Punguzo la kutodai kwenye bima ya gari: tulipie ulinzi wake au tuache?

Kutoka: Salum, Ntinda

Habari za jioni ndugu zangu. Swali langu ni kwa wale mliokaa Uingereza kabla ya kuja huku Kampala.

Gari letu liko Leicester. Mke wangu ndiye analiendesha, kazini na kupeleka watoto shule, ila bima ina jina langu tangu nikiwa kule. Sasa karatasi za kuhuisha zimekuja: pauni 600 kwa mwaka, na tumeandikiwa miaka 5 bila dai. Chini yake kuna kisanduku kinasema tuongeze pauni 45 ili punguzo letu "lilindwe". Mama watoto anasema tulipe tulale usingizi. Mimi naona kama tunauziwa kivuli. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujibu.

Kutoka: Otieno, Bugolobi

Salum, si ulipe tu? Pauni 45 ni nini? Nilipokuwa Reading nilikuwa naweka tiki kwa hicho kisanduku kila mwaka. Ukilinda, hata ukigonga mtu bei inakaa pale pale. Miaka mitano umejenga polepole, kisha uiangushe siku moja kwa sababu ya ubahili?

Kutoka: Hassani, Kibuli

Jamani kwa hapa Kampala msijisumbue. Mwaka jana bodaboda alinivunjia taa ya nyuma pale Wandegeya, akapotea na abiria wake. Nikaenda na stika yangu ya kwenye kioo, wakaniambia haihusiki. Mwaka mzima sikudai kitu, kwenda kuhuisha nikalipa ileile. Punguzo liko wapi?

Kutoka: Rehema, Entebbe

Shikamoo Mzee Otieno. Kaka Salum, Kaka Hassani, hamjambo.

Nianze na Hassani ili tumalize. Stika ya lazima ya hapa Uganda ni kwa ajili ya mtu wa tatu akiumia au akifa. Taa yako haimo, na punguzo usilitafute huko. Punguzo liko kwenye bima kubwa, ile inayotengeneza na gari lako mwenyewe, na kila kampuni ina asilimia zake. Salum anaulizia bima ya Uingereza.

Nimeshughulikia madai ya magari Birmingham kabla ya kurudi, kwa hiyo hili nalijua kwa ndani. Unapata mwaka mmoja wa punguzo kwa kila mwaka wa bima uliokamilika bila kampuni kulipa dai kwa ajili yako. Ukivunja bima ikiwa na miezi saba tu, kwa kawaida mwaka huo hauhesabiwi. Miaka hiyo ni ya mwenye bima, na inatumika kwenye gari moja kwa wakati mmoja.

Sasa ulinzi. Mzee Otieno, unalinda ngazi uliyosimama, hulindi bei. Tuchukue namba za Salum. Tuseme bei ya kampuni kabla ya punguzo ni pauni 1,500, na miaka 5 kwao ni asilimia 60. Ukitoa punguzo zinabaki 600. Mkewe akagonga gari la mtu, kosa ni lake. Mwaka unaofuata kampuni inamwona ana hatari zaidi, inapandisha ile bei ya mwanzo. Tuseme imefika 1,950. Aliyelinda bado anapata asilimia 60, atalipa 780. Haikubaki 600.

Asiyelinda anashushwa ngazi. Kampuni nyingi zinamtoa miaka 5 hadi 3 kwa dai moja. Kama miaka 3 kwao ni asilimia 50, atalipa 975. Mwaka wa pili amepanda hadi 4, tuseme asilimia 55, analipa kama 878, na mwenzake bado yuko 780. Mwaka wa tatu wamelingana tena. Kwa hiyo kisanduku kimemwokolea pauni 195 mwaka wa kwanza na 98 wa pili, jumla 293.

Gawanya kwa 45: ni miaka sita na nusu ya kulipia ulinzi. Mtu anayesababisha ajali mara chache kuliko hivyo, kampuni ndiyo inayofaidika. Na msisahau kwamba mikwaruzo midogo hutaidai hata hivyo, kwa sababu kile kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe kitameza karibu gharama yote.

Namba za 1,950 na asilimia ni zangu za mfano. Zako zipo kwenye karatasi hizo hizo. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilitoa amri mwaka 2015 kwamba kampuni inayouza ulinzi huu ikuonyeshe asilimia za wastani kwa kila mwaka, ikuonyeshe jedwali la kushushwa ngazi, na ikwambie wazi kwamba bei inaweza kupanda hata ukiwa umelinda. Watu wanaruka ukurasa huo. Ukikuta dai moja linakutoa 5 hadi 3, mimi ningeacha. Ukikuta linakutupa chini kabisa, ningelipa.

Kutoka: Otieno, Bugolobi

Marahaba Rehema. Lakini mimi niligongwa nikiwa nimepaki, nje ya duka, mwenye kosa akakimbia. Hapo ulinzi ulinisaidia, punguzo langu halikuguswa. Kosa si langu, wangenishusha kwa nini?

Kutoka: Rehema, Entebbe

Wangekushusha, Mzee. Hilo ndilo linalowauma wengi. Linaitwa punguzo la kutodai, halijali nani mkosaji. Swali la kampuni ni kama pesa yake imerudi. Aliyekugonga akipatikana na bima yake ikarudisha yote, miaka yako inabaki. Akikimbia, hakuna wa kudaiwa, dai linakaa kwako. Kwa hiyo mtu anayelaza gari barabarani usiku kwenye mtaa mwembamba ana sababu nzuri zaidi ya kulipa kuliko mwenye geti. Kioo cha mbele ni kingine, kwa kawaida hakigusi punguzo.

Ulinzi nao una kikomo. Wengi wanaruhusu madai mawili ndani ya miaka mitatu, la tatu linakushusha. Na ukihama kampuni unahama na miaka yako, ulinzi unaununua upya kama wanakubali.

Ila Salum, kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi ya hizo pauni 45. Bima ina jina lako, wewe uko Ntinda, na gari linaendeshwa na shemeji kila siku. Kwenye karatasi, dereva mkuu ameandikwa nani?

Kutoka: Salum, Ntinda

Mimi. Yeye ni dereva wa ziada. Tuliacha hivyo kwa sababu miaka ya kutodai ni yangu, na bei ilikuwa nafuu.

Kutoka: Rehema, Entebbe

Basi acha kisanduku, piga simu kwanza. Siku ya dai watauliza nani anaendesha, na dereva mkuu akiwa yuko Uganda wanaweza kukataa kulipa au wakavunja bima kabisa. Hapo hata ungelinda miaka 20, haisaidii. Iandikwe kwa jina lake. Wapo wanaomhamishia mke miaka ya mume, wapo wanaokataa, na dereva wa ziada kwa kawaida hajikusanyii yake. Uliza, na jibu waliandike kwenye barua pepe. Miaka yako nayo usiiache ilale: kampuni nyingi haziihesabu ikipita miaka miwili bila bima.

Kutoka: Salum, Ntinda

Nimelipata jedwali, ukurasa wa mwisho kabisa. Dai moja: 5 hadi 3. Kisanduku sitakitia alama. Kesho nawapigia kuhusu jina, na mama watoto awe kwenye laini.

Kutoka: Hassani, Kibuli

Na mimi nikija kuhamia kule, barua ya kuonyesha miaka yangu ya kutodai kwenye bima kubwa ya hapa wataikubali?

Kutoka: Rehema, Entebbe

Wengi hawaipokei, wachache wanaipokea. Iombe kabla hujaondoka, yenye tarehe na mhuri.