Wamekula riba yangu ya miezi 9 kwa kuvunja fiksi, na hakuna aliyeniambia ningeweza kukopa

Mama Vitenge:

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na nitaeleza yote kama yalivyokuwa.

Niliweka milioni 20 fiksi ya miezi 12, riba asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya miaka minne ya kuuza vitenge Kariakoo, sikuiokota. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mwisho wa mwaka riba milioni 2, serikali inachukua kodi ya zuio asilimia 10, yaani laki 2, mimi nabaki na milioni 1 na laki 8 juu ya pesa yangu.

Mwezi wa tisa mwenye fremu akaja. Anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, milioni 8, ndani ya wiki mbili, na kuna mtu anaisubiri fremu yangu pesa mkononi. Nilimbembeleza nimlipe miezi mitatu kwanza, akakataa kabisa. Mzigo wangu wote uko mule ndani, wateja wamezoea pale. Nikaenda benki.

Dada wa kaunta aliniuliza swali moja tu: "Unavunja yote?" Nikamwambia nahitaji milioni 8 tu. Akasema fiksi haikatwi vipande, unavunja yote au unaiacha yote. Akanisogezea barua iliyochapwa tayari, pa kuandika jina na tarehe pameachwa nukta nukta. Nikajaza, nikasaini. Hazikupita dakika kumi. Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu: 20,152,000.

Nikajua wamekosea. Kesho yake nimerudi, wakageuza cheti changu cha fiksi upande wa nyuma, kipengele cha saba, maandishi madogo ya Kiingereza. Ukivunja kabla ya muda, riba inahesabiwa upya tangu siku ya kwanza kwa kiwango cha akaunti ya akiba, asilimia 2. Kwa hiyo miezi 9 yote wamenipa laki 3. Wakatoa kodi ya zuio elfu 30. Wakatoa ada ya kuvunja, nusu asilimia ya milioni 20, laki 1, na ongezeko la thamani juu ya ada elfu 18. Nikabaki na laki 1 na elfu 52.

Miezi 9 ya milioni 20, laki na nusu! Kilichoniuma zaidi ni jirani yangu wa fremu ya pili. Anaweka benki nyingine, na yeye alipobanwa walimkopesha kwa dhamana ya fiksi yake, fiksi ikaendelea kukua palepale. Mimi hakuna aliyefungua mdomo. Kweli hii ni haki?

Kijana wa Mbagala:

Pole sana mama. Ila huyo jirani asikuumize kichwa, naye wamemla. Benki inakulipa 10, halafu inakukopesha pesa yako mwenyewe kwa 13 au 14. Mtu mwenye akili hakopi pesa yake. Bora ulivyovunja, huna deni la mtu. Halafu shukuru, kisheria wanaweza kukata riba tu, mtaji hawaruhusiwi kuugusa.

Nilikaa Kaunta:

Nimefanya kazi benki miaka 11, sita kati ya hiyo kwenye mikopo. Kijana, hilo la riba kuwa kubwa kuliko ya fiksi ni kweli, lakini umelinganisha asilimia ukasahau muda na kiasi. Fiksi inalipa 10 kwenye milioni 20 kwa mwaka mzima. Mkopo unatoza 13 kwenye milioni 8 kwa miezi 3 tu iliyobaki. Hivi vitu viwili havifanani.

Tumhesabie dada. Mkopo unaodhaminiwa na fiksi kwa kawaida unatozwa riba ya fiksi yako na kuongeza pointi mbili hadi nne, na wanakupa mpaka asilimia 80 au 90 ya amana. Tuseme 13. Milioni 8 kwa miezi 3 ni riba ya laki 2 na elfu 60. Ada ya kuandaa mkopo asilimia 1, pamoja na ongezeko la thamani, ni elfu 94 na 400. Jumla gharama ya kukopa ni kama laki 3 na elfu 54. Siku fiksi inapoiva anapata milioni 1 na laki 8 yake, mkopo unajilipa kutoka humohumo, na baada ya gharama hizo anabaki na faida ya kama milioni 1 na laki 4 na elfu 45.

Na nisiwapunje waliovunja: baada ya kulipa fremu ana milioni 12 mkononi. Akiziweka fiksi mpya ya miezi 3, kwa asilimia 6 tuseme maana za muda mfupi hulipa kidogo, atapata kama laki 1 na elfu 62 baada ya kodi. Ongeza ile laki 1 na elfu 52. Inakuja laki 3 na elfu 14. Kwa hiyo ile barua ya nukta nukta imemgharimu milioni 1 na laki 1 na ushee, na hapo nimemhesabia kila senti.

Dada, kwako kukopa kulikuwa bora kwa mbali. Aliyekuhudumia alipaswa kukupeleka meza ya mikopo kabla ya kukupa kalamu.

Mstaafu Dodoma:

Kijana wa Mbagala, hilo la mtaji kutoguswa lisiwadanganye watu. Mimi niliweka milioni 30 za kiinua mgongo, miaka 2, asilimia 11, nikachagua kulipwa riba kila mwezi ili nipate matumizi. Baada ya miezi 14 mke wangu aliugua nikavunja. Wakahesabu upya kwa asilimia 2. Wakasema nilistahili riba ya laki 7, lakini wameshanilipa milioni 3 na laki 8 na nusu. Tofauti wakaitoa kwenye zile milioni 30. Nilirudishiwa milioni 26 na laki 8 na nusu, na ile riba niliyokuwa nikipokea nilikwisha kuila zamani.

Ninachotaka kuuliza, na hakuna aliyenijibu mpaka leo: kila mwezi walikata kodi ya zuio kwenye riba ile. Riba wameichukua yote ghafi. Kodi iliyokatwa kwenye riba ambayo sikubaki nayo, ni ya nani?

Nilikaa Kaunta:

Mzee shikamoo, na pole kwa yote. Hesabu yao inatokana na mkataba, na ndiyo maana kulipwa kila mwezi ni hatari kwa mtu anayeweza kuvunja. La kodi una hoja. Wangepaswa kukuhesabia tofauti baada ya kodi, au kukuonyesha kwa maandishi kodi ile imerekebishwaje. Nimeona benki zikifanya tofauti tofauti. Omba mchanganuo wa maandishi, usikubali wa mdomo.

Bintirajabu:

Samahani naingilia. Nina laki 7, je, nikiweka fiksi nitapata asilimia 10 kama mama?

Kijana wa Mbagala:

Dada fungua uzi wako, hapa tunaongelea kuvunja.

Mkuu wa kaunta, nakubali ya mama. Lakini usiseme kukopa ni bora siku zote. Na mkopo wenyewe unachukua siku ngapi? Mwenye nyumba hasubiri.

Nilikaa Kaunta:

Sikusema siku zote. Chukua fiksi ileile ya mama, ila shida imekuja mwezi wa pili na inahitaji milioni 18. Hapo mkopo wa 13 unakaa miezi 10 kwenye kiasi kikubwa, riba peke yake milioni 1 na laki 9 na nusu, inazidi faida yote ya fiksi. Anayevunja mwezi wa pili hajapoteza sana kwa sababu riba yenyewe haijajikusanya. Hapo vunja. Shida ikiwa milioni 8 mwezi huohuo wa pili, kukopa kwa dhamana na kuvunja vinakaribiana, na ukikopa mkopo wa kawaida wa 17 au 18 usio na dhamana, kuvunja kunashinda. Kadiri fiksi inavyokaribia kuiva ndivyo kuvunja kunavyouma.

Siku? Mkopo wa fiksi hauhitaji uthamini wa nyumba wala mdhamini, benki inashikilia fiksi tu. Nimewahi kuutoa siku mbili. Nimewahi pia kuona faili limelala siku tisa kwa sababu msaini mmoja alikuwa likizo. Hapo una haki.

Mja wa Unguja:

Mimi mkopo wa riba siuchukui, na wengi kwetu ni hivyo. Nina akaunti ya mudharaba, ya kugawana faida na benki badala ya riba. Kwa mtu kama mimi swali la mkopo halipo, kuna kuvunja tu. Nilichojifunza ni kutoweka pesa yote kwenye cheti kimoja. Milioni 20 naziweka vyeti vinne vya milioni 5. Ningekuwa mama, ningevunja viwili, viwili vikaendelea.

Nilikaa Kaunta:

Hilo ni sahihi hata kwa anayekopa. Uliza tu kwanza kama kiwango kinashuka ukigawa, baadhi ya benki hulipa zaidi kwa kiasi kikubwa.

Mama Vitenge:

Nimesoma yote, asanteni. Leo asubuhi nilienda na karatasi yenye hesabu za mkuu. Meneja wa tawi alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema mteja alisaini mwenyewe, na mkopo hauombwi na benki, unaombwa na mteja. Nikamuuliza, nitaombaje kitu ambacho sikuambiwa kipo? Kipengele cha saba kiko kwa Kiingereza, mimi nimeishia la saba, na siku naweka pesa nilisomewa kiwango cha riba tu.

Nimeandika barua ya malalamiko, nakala mbili, moja wamenigongea muhuri na tarehe. Nimetaja Kanuni za Kulinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 kama mkuu alivyoniambia inboksi. Wasiponijibu napeleka dawati la malalamiko la Benki Kuu. Nadai wanirudishie angalau ada ya kuvunja, na nataka waandike ni nani alipaswa kunieleza habari ya mkopo.

Milioni 12 zilizobaki bado ziko akaunti ya kawaida. Sijaamua niziweke wapi. Mzee wa Dodoma, ukipata jibu la kodi lete hapa, nami natafuta.