Naomba ushauri: mhusika anang'aa ndani ya stoo yenye giza

Habari zenu wanajamii. Natengeneza mchezo wa simu kwa Unity, na mandhari yake ni sebule yenye dirisha kubwa na stoo isiyo na dirisha, zikitenganishwa na ukuta wa sentimita 20. Kuta na samani nimeziwekea Contribute GI, taa zote ni Baked, na ramani za mwanga zimetoka safi.

Tatizo ni mhusika, ambaye kwa kuwa anatembea hupokea mwanga wa nukta za Light Probe Group: akiukaribia ukuta huo akiwa stoo, mwili mzima hung'aa kwa jua la sebuleni, ilhali sakafu anayoikanyaga imo gizani. Nadhani chanzo ni kwamba mwanga wake hukadiriwa kutoka nukta nne zinazomzunguka, na baadhi ziko upande wa pili wa ukuta. Nimefuta nukta zilizoangukia ndani ya ukuta, kisha nikapunguza umbali wa nukta kutoka mita 2 hadi 1. Eneo linalong'aa limepungua, halijaisha.

Je, niweke safu ya nukta kila upande wa ukuta, na kwa umbali gani kutoka ukutani? Na mlango wa stoo, unaofunguka, niuelekeze kwa Anchor Override iliyo upande upi?