Naomba ushauri: nimegawa dawa kwa A, B na C lakini upotevu haupungui

Binti_Uluguru:
Wakuu habari zenu. Mimi ni mfamasia, naendesha famasi ya familia hapa Morogoro. Tuna aina kama 380 za dawa na bidhaa, na wahudumu watatu. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nahesabu kila kitu kila mwisho wa mwezi. Ni kazi ya siku mbili, tunafunga usiku wa manane, na namba hazilingani na leja hata siku moja.

Nikasikia habari ya kugawa stoo kwa makundi matatu ili nguvu ziende kwenye vitu vya thamani. Nikapanga kwa bei. Kinachozidi 20,000 nikaita A, nikakifungia kwenye kabati na funguo nabaki nazo mimi. Cha 5,000 hadi 20,000 ni B. Cha chini ya hapo ni C, nahesabu kila baada ya miezi mitatu. Maziwa ya kopo ya watoto nayo ni A kwa bei, lakini hayaenei kabatini, na akina mama huyaulizia kutwa, kwa hiyo yako rafu ya mbele.

Juzi nimehesabu robo mwaka: maziwa yamepungua makopo 11 (tunanunua 28,000, kwa hiyo 308,000 imeyeyuka), na amoksiklavu boksi 23 hazionekani. Kabatini kila kitu kiko sawasawa. Nimekosea wapi?

Kijana_wa_Kigogo:
Dada, kwani hayo makundi si yapo tayari kisheria? Diazepamu, tramadoli na wenzake unafungia na unaandika kwenye rejista, nyingine zinakaa rafuni. TMDA wakija ndicho wanachoangalia.

Binti_Uluguru:
Hizo zina kabati lake na rejista yake, Kigogo. Hapa naongelea pesa.

Pemba_Tulivu:
Kosa ni dogo. Tumia bei ya kuuzia, maana ndiyo pesa unayopoteza. Halafu ile asilimia 20 ya vitu inayokuletea asilimia 80 ya pesa, hiyo ndiyo ushike kwa mkono wa chuma. C wala usijichoshe nayo, agiza mara moja kwa mwaka usahau.

Leja_Kubwa:
Binti, nimekaa stoo za hospitali miaka mingi. Pemba amegusa nusu ya jambo.

Wewe umepanga kwa bei ya kimoja. Kopo la virutubisho la 35,000 linalotoka mara 18 kwa mwaka linakula mtaji wako kidogo kuliko boksi la 8,000 linalotoka mara 600. Kinachopanga kundi ni bei ya kununulia mara idadi iliyotoka kwa mwaka mzima. Nasema ya kununulia kwa sababu unataka kujua mtaji wako umelala wapi, na faida hutofautiana kutoka dawa hadi dawa. Ukiweka ya kuuzia, kitu chenye faida nene kinapanda ngazi bila kustahili.

Chukua ankara za miezi 12 na leja yako, utuletee aina kumi tu tuone: jina, kipimo, idadi iliyotoka, bei. Kwenye Ekseli idadi iwe safu ya C, bei safu ya D. Halafu:

```
E2: =C2*D2
F2: =SUM(E$2:E2)/SUM(E$2:E$11)
G2: =IF(F2<=0.8,"A",IF(F2<=0.95,"B","C"))
```

Shusha fomula hadi mstari wa 11, kisha panga mistari yote kwa safu ya E, kubwa juu. Usipopanga, safu ya F haina maana yoyote.

Binti_Uluguru:
Nimefanya. Parasetamoli imetokea ya kwanza kwa milioni 120. Biashara yangu nzima haifiki huko, jamani 😂

Leja_Kubwa:
Kila mtu humkuta huyo mara ya kwanza. Umehesabu vidonge, ukazidisha kwa bei ya boksi. Dalili yake ni hiyo hiyo, kitu kimoja cha bei chee kinameza karibu orodha nzima. Ulitoa vidonge 48,000, yaani boksi 480 za vidonge mia. Mara 2,500 ni milioni 1.2. Amua kipimo kimoja kwa kila dawa, kile unachonunulia, na ukiandike pembeni ya jina.

Na kama losatani unayo ya viwanda viwili vitatu kwa nguvu ile ile, iunganishe mstari mmoja. Ukiiacha vipande, kila kipande kitaonekana kidogo na dawa nzima itateleza hadi C.

Binti_Uluguru:
Sawa, nimesahihisha. Hii hapa, thamani ya mwaka kwa shilingi:

```
Maziwa ya kopo          5,880,000   A
Amoksiklavu             4,960,000   A
Losatani                2,430,000   A
Mseto                   2,100,000   A
Insulini                1,800,000   B
Parasetamoli            1,200,000   B
Virutubisho               630,000   B
Inhela ya salbutamoli     528,000   C
ORS                       444,000   C
Adrenalini                 28,000   C
```

Kwa hiyo maziwa na amoksiklavu peke yake ni zaidi ya nusu ya pesa, na ndivyo vilivyokuwa wazi. Mimi nilikuwa nalinda kabati la virutubisho! Nimejionea aibu.

Mama_Likoni:
Usione aibu mwanangu. Mimi nina kemisti huku Likoni, niliyapitia hayo hayo. Ila nikuulize, hiyo insulini ilikuwepo mwaka mzima? Mimi mwaka uliopita jokofu liliharibika, nikakaa bila insulini wiki kadhaa. Leja ikaonyesha imetoka kidogo, nikaagiza kidogo, ikaisha tena, leja ikaonyesha kidogo zaidi. Wateja wangu wa sukari wakahamia kwa jirani na baadhi hawajarudi mpaka leo.

Binti_Uluguru:
Mama shikamoo. Umenigusa penyewe. Msambazaji hakuwa nayo miezi mitatu. Vichupa 150 ni vya miezi tisa tu.

Leja_Kubwa:
Swali zuri sana hilo, Mama Likoni. Basi 150 gawa kwa 9 zidisha kwa 12, ni vichupa 200. Kwa 12,000 kila kimoja inakuwa 2,400,000. Badilisha, upange upya.

Binti_Uluguru:
Nimebadilisha. Insulini imepanda A. Mseto umeshuka B. Na virutubisho vimeangukia C kabisa! Kwa mstari mmoja tu?

Leja_Kubwa:
Ndiyo, kwa sababu jumla imepanda na virutubisho vilikuwa vimekaa juu ya mpaka kabisa. Awali vilifika asilimia 95 kamili, sasa ni 95.15. Ile 80 na 95 ni mipaka ya kufanyia kazi tu, hakuna aliyeiandika kwenye jiwe. Kitu kikikaa mpakani, amua kwa akili. Na usishangae A kuwa nne kati ya kumi, ni kwa sababu umechagua kumi tu. Ukiingiza zote 380, A kwa kawaida huwa kati ya sehemu moja na mbili za kila kumi.

Sasa nirudi kwa Pemba na ile "C usahau". Tazama nani wako C hapo: inhela na adrenalini. Adrenalini ya mwaka mzima ni 28,000, bei ya kopo moja la maziwa. Lakini ikikosekana siku mtu amevimba koo kwa mzio wa sindano, hesabu yako ya pesa haisaidii. Hospitali huweka alama ya pili pembeni, wanaiita VEN: dawa ya kuokoa uhai, dawa muhimu, na ya ziada. Yenye alama ya uhai unaisimamia kama A hata kama ni C kwa pesa. Tofauti ni moja. A ya pesa unaishika kwa kuweka kidogo na kuagiza mara kwa mara, ili mtaji usilale. C ya uhai unaishika kwa kuweka akiba nene, kwa sababu akiba yenyewe haikugharimu kitu, mradi uangalie tarehe ya mwisho. Adrenalini nyingi huishia kutupwa, na mimi huihesabu hiyo kama bei ya usalama.

Pemba_Tulivu:
Hapo nimekubali kwenye adrenalini. Ila ORS nimeagiza kwa mwaka na haijawahi kunitia hasara.

Leja_Kubwa:
ORS ni sawa, kama tarehe yake ni ndefu na stoo ni kavu. Dawa za maji za watoto ndizo zitakuumiza kwa mtindo huo.

Binti_Uluguru:
Kwa hiyo kuhesabu niwekeje? Wahudumu ni watatu tu.

Leja_Kubwa:
Kwa 380, tuseme A zako zikawa 50. Hesabu 10 kila asubuhi kabla ya kufungua, Jumatatu hadi Ijumaa, kila wiki umezimaliza. Ni kama dakika 20. Anayehesabu asiwe aliyeuza jana, na asione namba ya leja kabla hajaandika yake. Ukimwonyesha leja inasema 42, atakuta 42. B mara moja kwa mwezi, C kwa robo mwaka, isipokuwa zile za uhai ambazo unazitazama pamoja na A.

Faida yake ni kwamba kopo likipungua unalijua ndani ya wiki, na unajua nani alikuwa zamu. Wewe umegundua 11 baada ya miezi mitatu, utamuuliza nani?

Mama_Likoni:
Na isiwe wizi moja kwa moja mwanangu. Mimi nilikuta kijana wangu anauza boksi la kampuni moja anaandika la kampuni nyingine. Moja limepungua, jingine limezidi, jumla iko sawa. Tazama kama kuna amoksiklavu iliyozidi mahali.

Binti_Uluguru:
Mama, nimetoka rafuni sasa hivi. Amoksiklavu za kampuni ya pili zimezidi boksi 19! Kwa hiyo za kweli zilizopotea ni 4. Maziwa hayana pa kujificha, ni ya aina moja, hayo makopo 11 yameondoka kweli. Kesho yanahamia nyuma ya kaunta.

Limebaki moja. Mseto umeshuka B kwa hesabu, lakini masika ikiisha malaria inapanda na unatoka kama njugu, halafu miezi mingine umelala. Niuache B?

Pemba_Tulivu:
Uache B, fomula imeshasema.

Leja_Kubwa:
Mimi ningeupa A kuanzia Aprili hadi Julai, kisha ungerudi B. Hesabu ya mwaka inasawazisha kilima na bonde.

Mama_Likoni:
Mimi nauacha A mwaka mzima, sina kichwa cha kubadilisha orodha katikati ya mwaka. Na wahudumu wangu wakizoea kitu hawazoei tena kingine.