Tupeane uzoefu: barua ya makato ya dipoziti iliyowahi kukutoa jasho

Mama Funguo: Wakuu, juzi dada yangu kaniletea barua aliyomwandikia mpangaji wake anayehama, eti nimsaidie kuinyoosha. Mistari minne: rangi nyumba nzima, uchafu wa kutisha, kitasa, na "usumbufu". Jumla imemeza dipoziti yote. Nikamwambia, huyu akiisoma hii hakujibu, anakuja na ndugu zake. Mliowahi kuandika au kupokea barua ya hivi, tusimulieni.

Nimehama Tena: Niliwahi kuipokea. Ilianza na "umeishi kama mnyama". Makato yenyewe sikuyafikia.

Bosi wa Vyumba: Mnawadekeza wapangaji. Anayetoka analipa rangi. Mimi naambatanisha risiti ya fundi, biashara imeisha.

Msimamizi: Bosi, risiti inaonyesha umetumia pesa. Haionyeshi nani kaharibu, wala ukuta ulikuwaje alipoingia. Mama Funguo, hebu tuanze na rangi, maana ndiyo inayogombanisha watu. Ni nyumba nzima kweli?

Mama Funguo: Ukuta mmoja wa sebule. Alitundika televisheni, akaacha matundu sita na plasta imebanduka. Kwingine ni rangi kufifia tu. Ilipakwa mwezi alioingia, na kakaa miaka miwili.

Msimamizi: Basi kwingine kote futa. Rangi kufifia ni uchakavu wa kawaida, kodi imeshaulipia. Kwenye ukuta huo tenganisha kazi mbili. Kuziba matundu na kurudishia plasta anabeba yote, kwa sababu bila yeye kazi hiyo isingekuwepo. Kupaka rangi sehemu tu. Mimi rangi ya ndani naihesabia miaka mitano (wengine mitatu, angalieni kanuni za mlipo). Miwili imeshatumika, imebaki mitatu, kwa hiyo anabeba asilimia 60 ya kupaka ukuta ule. Ningeandika hivi:

"Sebule, ukuta wa mkabala na mlango. Siku ya kuingia: ukuta mzima, rangi mpya (fomu ya ukaguzi yenye sahihi zetu, picha ya 4). Siku ya kutoka: matundu 6, plasta imebanduka (picha ya 11). Plasta: gharama yote, risiti ya kwanza. Rangi ya ukuta huu: asilimia 60, kwa kuwa imetumika miaka 2 kati ya 5, risiti ya pili."

Humo hamna "umeharibu" wala "kwa makusudi". Akitaka kubisha, abishane na picha.

Bosi wa Vyumba: Mkataba wangu unasema rangi yote ni yake na alisaini.

Msimamizi: Kuna sehemu kipengele hicho kikifika kwa hakimu hakisimami. Jaribu.

Kaka wa Ghorofani: Nyie mnalia na matundu! Wangu alihama na sinki la choo. Nafungua mlango, nakuta shimo sakafuni limezibwa na mfuko wa plastiki. Nikamwandikia barua ya kurasa tatu, ya moto. Akajibu kwa sentensi moja: la kwako lilipasuka mwaka jana, nilikwambia, hukuleta fundi, nikanunua langu. Na picha ya mpasuko akaweka.

Nimehama Tena: 😂😂 Halali yake!

Bosi wa Vyumba: Halali gani? Kilichofungwa sakafuni ni cha nyumba!

Msimamizi: Lilipasukaje? Kama aliangusha kitu, kulibadilisha lilikuwa jukumu lake, na kuling'oa ni deni. Kama lilipasuka kwa uzee, hapo mwenye nyumba ana kazi.

Kaka wa Ghorofani: Hakuna aliyekuwepo chooni kushuhudia.

Jirani Mpole: Samahani, wangu anadaiwa kodi ya miezi miwili na hajahama. Niandike makato?

Msimamizi: Hapana, hilo ni dai la kodi, lina barua yake. Makato huandikwa mtu akishatoka. Mama Funguo, "uchafu wa kutisha" liwe jambo linaloonekana: "jiko: mafuta yaliyogandia ndani ya oveni na ukutani, picha ya 14, saa 3 za msafishaji". Kitasa, alipoteza funguo au kimechoka?

Mama Funguo: Alirudisha funguo moja kati ya mbili. Kitasa chenyewe kizima.

Nimehama Tena: Achonge funguo nyingine, yaishe.

Bosi wa Vyumba: Na aliyebaki nayo akiingia usiku? Badilisha kitasa.

Msimamizi: Hapo nipo na Bosi, ila mdai silinda ya ndani tu kama inatoka peke yake, na sababu iandikwe. Usumbufu ondoa. Hauna picha wala risiti, na ndio utakaomfanya atilie shaka mistari mingine yote. Mwisho onyesha dipoziti, makato, kinachorudi, na siku ya kukirudisha.

Mama Funguo: Nimemsomea. Rangi kakubali, oveni kakubali. Usumbufu anasema hauondoki, labda nije nikae naye mimi huyo mpangaji.