Kompyuta ya gemu ya mwaka 2015: nibadilishe baadhi ya vipuri au ninunue nzima?

Kijiti

Wakuu, habari za wakati huu. Nina kompyuta ya mezani iliyounganishwa mwaka 2015 kwa ajili ya gemu, nayo sasa inasuasua katika gemu mpya. Ina prosesa ya i5, kadi ya picha ya GTX 970 na RAM ya GB 16. Fedha niliyotenga inatosha kununua kadi ya picha nzuri ya daraja la kati, au ubao mama na prosesa, lakini haitoshi kompyuta mpya kamili. Je, inafaa kubadilisha kadi peke yake, au nivumilie nikusanye fedha ninunue nzima? Ningependa hasa kujua ni vipuri vipi katika hii ya zamani ambavyo bado vina thamani.

FundiNyaya

Ndugu Kijiti, umetaja nusu ya yanayohitajika. "i5" ni familia yenye vizazi vingi, kwa hiyo tupe namba kamili. Taja pia jina la ubao mama, aina ya RAM (siyo ukubwa tu), pawa saplai ni ya wati ngapi na ya mwaka gani, na skrini yako ina ubora wa kiasi gani. Bila hayo, kila atakayekujibu atakuwa anakueleza kompyuta yake mwenyewe.

Samawati

Hapa jibu halihitaji maelezo marefu. Kama ni ya 2015, basi huenda soketi yake ni LGA 1151. Tafuta i7-8700 iliyotumika, ambayo nayo ni ya LGA 1151 na ina koa 6, uichomeke hapo hapo. Utapata prosesa inayokubaliwa na Windows 11 bila kugusa kitu kingine, kisha fedha itakayobaki uiweke kwenye kadi ya Intel Arc, kwa maana inakupa kumbukumbu nyingi kwa fedha hiyo.

FundiNyaya

Ndugu Samawati, jina la soketi ni hilo hilo na prosesa itaingia, lakini haitafanya kazi. Intel walipotoa kizazi cha 8 walibadilisha mpangilio wa pini za umeme, na kizazi hicho kinadai ubao wenye chipseti ya mfululizo wa 300. Ubao wa LGA 1151 wa mwaka 2015 ni wa mfululizo wa 100, na mwisho wake ni kizazi cha 7, yaani i7-7700K yenye koa 4 na nyuzi 8, tena baada ya kusasisha BIOS. Hiyo ndiyo sababu 7700K iliyotumika huuzwa ghali kuliko uwezo wake: kila mwenye ubao wa aina hii anaitafuta, kwa kuwa baada yake hakuna pa kwenda.

Kuhusu Arc, kadi hizo zinategemea Resizable BAR, yaani uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, na Intel wenyewe wanapendekeza prosesa ya kizazi cha 10 na kuendelea. Ukiiweka kwenye ubao wa mwaka 2015 utapoteza sehemu kubwa ya kile ulichokilipia.

Samawati

Nimekubali kuhusu pini, ingawa nimewahi kusoma kwamba wapo waliorekebisha BIOS wakafanikiwa. Kuhusu Arc sirudi nyuma, ila nitasema iwekwe kwenye ubao mpya.

Kijiti

Samahani kwa kuchelewa. Prosesa ni i5-6500 na ubao mama una chipseti ya B150. Pawa saplai ni ya wati 550, ni ya tangu mwanzo, na nyaya zake zinachomoka. Skrini ni ya 1920 kwa 1080. Kuna SSD ya SATA ya GB 240 na hadi diski ya TB 1. Kompyuta haikununuliwa ikiwa imekamilika. Iliunganishwa kipuri kimoja kimoja.

MzeeMkongwe

Mimi nina kompyuta ya ofisini yenye umri kama huo, ya kampuni kubwa, na nilipotaka kuipa kadi ya picha niligundua kwamba plagi ya umeme ya ubao wake si ile ya pini 24, kasha halipokei ubao wa kawaida, na pawa saplai ya dukani haiingii. Nikaiuza kama ilivyo. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni uuze yote kwa pamoja, ukianza na kasha.

FundiNyaya

Mzee wangu, kisa chako ni cha kweli, lakini yeye ameeleza kwamba yake iliunganishwa kwa vipuri vya kawaida. Kasha la ATX lililotengenezwa miaka 10 iliyopita litapokea ubao wa leo bila kubadilishwa, na ukiuza kasha lililotumika hupati kitu cha maana. Ni moja ya vipuri ambavyo thamani yake ipo mikononi mwa mwenye nacho, si sokoni.

Ndugu Kijiti, kabla hujatumia fedha yoyote, fanya jaribio hili. Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner ili uone kwenye skrini matumizi ya kila koa ya prosesa, matumizi ya kadi ya picha na idadi ya fremu. Cheza mahali penye msongamano kwenye gemu inayokusumbua, uandike namba. Kisha shusha ubora kutoka 1080 hadi 720, bila kugusa mpangilio mwingine wowote, na urudi mahali pale pale. Kwa kufanya hivyo nukta ambazo kadi inapaswa kuzichora zinapungua hadi chini ya nusu, wakati kazi ya prosesa inabaki karibu ile ile. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inakuchelewesha. Zisipopanda, kadi mpya itakaa ikisubiri prosesa ya zamani.

Zuhura_P

Ninaongeza jambo moja kuhusu pawa saplai, kwa sababu nyaya zake zinachomoka. Ikiwa utaibadilisha, badilisha na nyaya zote, hata kama za zamani zimepangwa vizuri nyuma ya ubao.

Kaka yangu alipeleka kompyuta yake kwa fundi mmoja ili abadilishiwe pawa saplai. Fundi akaona nyaya za zamani zimefungwa kwa ustadi, akaziacha zilipo isipokuwa waya mkubwa wa ubao mama, akachomoa tu upande wa pawa saplai na kuzichomeka kwenye ile mpya. Ziliingia bila shida. Tatizo ni kwamba upande wa ubao na wa diski una kiwango kimoja kwa watengenezaji wote, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kiwango, na kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo. Hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana. Alipowasha, njia iliyotakiwa kubeba volti 5 ikabeba volti 12, na SSD na hadi diski vikafa papo hapo. Ubao ulinusurika kwa sababu waya wake mkubwa ulikuwa umebadilishwa. Fundi alisema pawa saplai mpya ndiyo mbovu, na mabishano yaliendelea kwa muda hadi mtu mwingine alipopima pini kwa mita na kuonyesha kilichotokea. Picha za familia zilizokuwa kwenye hadi diski hazikupatikana tena.

MzeeMkongwe

Pole sana kwa kaka. Ndiyo maana mimi husema pawa saplai ya zamani isiguswe kama bado inawaka.

FundiNyaya

Kuwaka si kipimo, mzee. Kapasita huchoka polepole, na pawa saplai inaweza kufungua Windows kila siku lakini ikazima kompyuta ghafla pale kadi ya picha inapovuta umeme mwingi kwa nukta ya muda. Watengenezaji wazuri hutoa dhamana ya miaka 5, 7 au hata 10. Ile ambayo dhamana yake imekwisha nisingeiunganisha na kadi mpya.

Kijiti

Nimefanya jaribio. Kwenye 1080 napata fremu 47 kwa sekunde, koa zote nne zipo kati ya asilimia 95 na 100, na kadi ipo kwenye asilimia 65. Kwenye 720 napata fremu 49, na kadi imeshuka hadi asilimia 40 hivi.

FundiNyaya

Basi wazo la kununua kadi peke yake limejijibu, angalau kwa gemu hiyo: ungeongeza kadi yenye nguvu mara mbili ungebaki karibu na fremu hizo hizo. Kinachokukwamisha ni koa nne zisizo na nyuzi za ziada.

Njia ya katikati ni kuuza ubao na prosesa kwa pamoja, kwa kuwa kila kimoja peke yake hakina soko kubwa, kisha kununua ubao wa AM4, soketi ya AMD, na Ryzen 5 5600 yenye koa 6 na nyuzi 12. Sababu ya kutaja AM4 ni RAM yako. Jukwaa hilo linatumia DDR4, na kwa jinsi bei ya RAM ilivyopanda tangu mwishoni mwa 2025, GB 16 ulizonazo ndicho kipuri kilichopata thamani badala ya kuipoteza. Ukienda AM5, soketi iliyoifuata, utalazimika kununua DDR5.

Samawati

Ubao wa B150 ni wa enzi ya DDR3, kwa hiyo hiyo RAM haina kazi.

Zuhura_P

Si lazima. Prosesa za kizazi hicho zilipokea DDR4 na DDR3L, na mtengenezaji wa ubao ndiye aliyechagua. Kijiti, tazama kibandiko kwenye RAM yenyewe: kikianza na PC4 ni DDR4, kikianza na PC3L ni DDR3L. Jibu hilo ndilo linaloamua kama hesabu ya FundiNyaya inasimama.

Hata hivyo, mimi sishabikii AM4. Ni kweli inaokoa RAM, lakini nayo imefika mwisho wa njia kama ilivyofika 1151, na baada ya miaka michache atarudi hapa na swali lile lile.

FundiNyaya

Hoja yako ina uzito, isipokuwa mwisho wa njia hiyo bado uko mbali na hapo alipo. Akianza na 5600, anaweza siku moja kuweka 5700X3D iliyotumika juu ya ubao ule ule.

MzeeMkongwe

Mbona hamzungumzii Windows? Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, na ubao huo hauna TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Aweke Linux, asinunue chochote.

Zuhura_P

TPM huenda ipo, ila imezimwa. Kwenye BIOS ya mbao nyingi za Intel inaitwa PTT. Kinachomzuia ni prosesa, maana orodha ya Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8. Linux ni nzuri, lakini gemu kadhaa za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu unaoingia hadi kwenye kernel, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, hazikubali kufunguka humo, Valorant ikiwa mfano. Kijiti hajatuambia anacheza nini.

MzeeMkongwe

Gemu inayotaka kuingia hadi kwenye kernel ya kompyuta yangu haistahili kuchezwa.

Samawati

Hilo ni suala la ladha, mzee, na wengi hucheza mahali marafiki zao walipo. Nami narudi kwenye kadi: GTX 970 nayo imeachwa. Nvidia walisitisha draiva za kawaida za kizazi hicho mwaka 2025 na kubakiza za usalama tu, na gemu kama Doom: The Dark Ages haifunguki bila kadi yenye uwezo wa ray tracing. Akibadilisha ubao na prosesa, 970 ndiyo itakayofuata kumkwamisha.

FundiNyaya

Hapo tunakubaliana. Ila anaweza kuitumia kwa muda akishusha mpangilio, wakati prosesa dhaifu haina cha kushushwa zaidi.

Kijiti

Kibandiko kinasomeka PC4-2133P, viko vijiti viwili vya GB 8. Nacheza gemu za mtu mmoja kwa sehemu kubwa, na moja ya mtandaoni na wadogo zangu. Nitaangalia ulinzi wake ni wa aina gani. Je, RAM ya kasi hiyo haitaivuta Ryzen nyuma?

FundiNyaya

Itaivuta kwa kiasi, kwa sababu prosesa hizo hupenda 3200 hadi 3600. Jaribu kuipandisha mwenyewe kwenye BIOS hadi 2666, kisha iache MemTest86 ikamilishe mizunguko yake yote. Kosa hata moja likitokea, irudishe chini. Vijiti vingine hupanda na vingine hukataa kabisa, hata vikiwa na kibandiko kimoja.

Zuhura_P

Kabla ya hayo fungua CrystalDiskInfo utazame hiyo hadi diski ya TB 1, mstari wa Reallocated Sectors Count. Ikiwa namba hapo si sifuri na inaongezeka, hamisha mafaili leo. Na utupe jina la pawa saplai, bado hujalitaja.

Samawati

Na ukiamua kusubiri AM5, usisahau kwamba Arc ipo.