Naomba ushauri: video ya dakika 12, bando linaisha kabla haijapanda

Habarini wakuu, naombeni msaada. Nipo Chamwino, nimerekodi ngoma ya muheme ya kina mama dakika 12, nikaeksipoti 1080p kwa 20 Mbps faili likatoka kama GB 1.8, nikaanza kulipandisha kwa simu, limefika asilimia 60 mtandao ukakata na kurudi ikaanza sifuri, zaidi ya GB moja ya bando imeondoka hivihivi, imeniuma sana.

Nikajaribu tena 720p, Bitrate 3 Mbps, H.264, faili limeshuka hadi MB 280 hivi na sura zinaonekana safi, ila pale mikono inapopiga ngoma kwa kasi na vumbi linatimka picha inavunjika viboksiviboksi, mwanzoni nilidhani ni kamera kumbe orijino haina shida.

Sasa nauliza, nikipandisha iwe 4 au 5 Mbps hapohapo 720p viboksi vitaisha, au bora nibadili kwenda H.265? Na nitumie njia gani ya kupandisha ambayo mtandao ukikata inaendelea ilipoishia, hata kama simu imezima?